Pesa Zako Zimelala Siku Ngapi? Swali la Hesabu Kutoka Kakamega

Mtoto wa ndugu yangu anasomea biashara Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Juzi alinitumia swali la zoezi lao kwenye simu na kuniuliza, "Ami, jibu nimelipata, ni siku 75. Lakini sielewi kwa nini siku za stoki na za wadaiwa tunazijumlisha, halafu za wadai tunazitoa." Nikaona ni swali zuri kuliko zoezi lenyewe, kwani wengi wetu hapa Pwani tunauza na kukopesha miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza shilingi inayotoka mfukoni inarudi baada ya siku ngapi. Na kwa kuwa yeye yuko Kakamega, mfano wa kumjibu ulikuwa karibu naye, maana kaunti hiyo ndiyo yenye kiwanda cha sukari cha Mumias. Nitafika huko. Kwanza tuifanye hesabu.

Swali lasema hivi. Duka la jumla mjini Kakamega linauza kwa mkopo mali ya shilingi 36,500,000 kwa mwaka. Mali hiyo dukani liliinunua kwa shilingi 29,200,000. Mwisho wa mwaka, stoki iliyoko ghalani ina thamani ya shilingi 4,800,000, wateja wanadaiwa na duka shilingi 4,500,000, na duka lenyewe linadaiwa na wauzaji wake shilingi 2,400,000. Tafuta mzunguko wa pesa, kisha eleza njia za kuufupisha.

Ukigawa mauzo ya mwaka kwa siku 365, duka linauza mali ya shilingi 100,000 kwa siku. Ukigawa gharama ya mali hiyo kwa siku 365, duka linatoa mali iliyonunuliwa kwa shilingi 80,000 kwa siku. Haya mawili tusiyachanganye. Deni la mteja limeandikwa kwa bei ya kuuzia, kwa hiyo tunaligawa kwa 100,000. Stoki na deni letu kwa wauzaji vimeandikwa kwa bei ya kununulia, kwa hiyo tunavigawa kwa 80,000.

Siku za stoki: 4,800,000 ÷ 80,000 = 60
Siku za wadaiwa: 4,500,000 ÷ 100,000 = 45
Siku za wadai: 2,400,000 ÷ 80,000 = 30
Mzunguko wa pesa: 60 + 45 − 30 = 75

Sasa tumjibu kijana. Tuseme mfuko wa sukari umeingia ghalani leo. Utakaa siku 60 kabla haujauzwa. Ukiuzwa, mteja atauchukua kwa mkopo na kulipa baada ya siku 45. Kwa hiyo tangu mfuko uingie hadi pesa ziingie ni siku 105. Lakini mwenye duka naye hakuulipia siku ile ulipoingia. Aliuchukua mali kauli, akaulipia siku ya 30. Siku hizo 30 za mwanzo, pesa zilizolala ndani ya mfuko si zake, ni za aliyemuuzia. Zake zinaanza kulala siku ya 30 na kuamka siku ya 105. Katikati hapo ni siku 75. Ndiyo sababu siku za wadai zinatolewa: ni siku ambazo mtu mwingine amebeba mzigo wako.

Shikilia maneno hayo, kwamba kuna mtu mwingine amebeba. Ndiyo yatakayotufikisha Mumias.

Siku 75 kwa shilingi ni kiasi gani? Chukua stoki 4,800,000, ongeza deni la wateja 4,500,000, toa deni la wauzaji 2,400,000. Inabaki shilingi 6,900,000. Hizo ndizo pesa ambazo mwenye duka lazima awe nazo, zake au za mkopo, ili milango iwe wazi. Kama hana, atakwenda benki kuchukua ovadrafti, na kwa Muislamu anayeikimbia riba, mlango huo kwake umefungwa. Kufupisha mzunguko ni kuzitoa pesa ambazo tayari ni zako, zimejificha ghalani na kwenye daftari la madeni.

Tuanze na ghala. Namba 60 ni wastani, na wastani huficha mengi. Mwenye duka akigawa stoki yake kwa aina, anaweza kukuta kwamba sukari na unga vinatoka kwa shilingi 60,000 kwa siku, na vilivyopo ghalani ni vya shilingi 900,000 tu. Hizo ni siku 15. Vitu vingine vyote, yaani sufuria, ndoo, mafuta ya nywele, vinatoka kwa shilingi 20,000 kwa siku, lakini ghalani vimejaa vya shilingi 3,900,000. Hizo ni siku 195, zaidi ya miezi sita! Kwa hiyo sukari haina makosa yoyote. Akiipunguza, atakosa mali ya kuuza na mteja ataenda kwa jirani. Dawa ni kuacha kuagiza ndoo kwa lori zima kwa sababu tu bei ya lori ilikuwa nafuu, na kuvitoa vile vilivyokaa muda mrefu hata kwa faida ndogo. Akifanikiwa kupunguza kundi hilo kwa shilingi 1,200,000, stoki nzima inashuka hadi 3,600,000, yaani siku 45. Siku 15 zimeondoka bila mfuko mmoja wa sukari kuguswa.

Mlango wa pili ni wateja. Hapa wengi hukimbilia kuwagombeza wanaodaiwa, ilhali siku nyingi hupotea kabla deni halijaanza kuhesabiwa. Unapeleka mali shuleni au hotelini tarehe 3, lakini invoisi unaiandika mwisho wa mwezi pamoja na nyingine zote. Mteja anahesabu siku zake 30 tangu alipoipokea karatasi. Umempa karibu mwezi mzima wa bure kwa mkono wako mwenyewe. Wanaopeleka mali kwenye ofisi za serikali wanajua pia kwamba karatasi iliyokosa sahihi ya aliyepokea mzigo au namba ya oda hairudishwi haraka. Inalala mezani mwa mtu hadi uifuate. Basi invoisi iende pamoja na mzigo, ikiwa kamili, siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, panga madeni kwa umri: yaliyo chini ya siku 30, ya siku 31 hadi 60, na yaliyopita 60. Orodha hiyo itakuonyesha kama siku 45 zako zinatokana na wateja wote kuchelewa kidogo, au wengi kulipa vizuri huku mmoja au wawili wakiwa wamekalia pesa tangu mwaka jana. Ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili.

Wengine hutoa punguzo ili walipwe mapema. Tuseme unamwambia mteja wa siku 45, "Ukinilipa ndani ya siku 10 nitakupunguzia asilimia 2." Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini piga hesabu: kwenye shilingi 100 unapokea 98, na unaipata siku 35 mapema. Yaani unalipa shilingi 2 ili utumie shilingi 98 kwa siku 35. Kwa mwaka, siku 35 zinaingia mara kumi na kidogo, kwa hiyo gharama yake ni kama asilimia 21 kwa mwaka. Punguzo hilo lina maana tu kama pesa hizo zitakuletea zaidi ya hapo, au kama usipozipata utakosa mali ya kuuza. Tuseme mwenye duka wetu hakutoa punguzo, alirekebisha invoisi zake tu, na siku za wadaiwa zikashuka kutoka 45 hadi 35. Kwa shilingi 100,000 kila siku, amepata shilingi 1,000,000 mkononi.

Mlango wa tatu ni wanaotudai. Akikaa na muuzaji wake wakubaliane siku 40 badala ya 30, siku 10 hizo kwa shilingi 80,000 ni 800,000. Ukijumlisha yote matatu, mzunguko mpya ni 45 + 35 − 40, sawa na siku 40. Pesa zilizolala zimeshuka kutoka 6,900,000 hadi 3,900,000. Shilingi 3,000,000 zimeamka.

Kijana wangu alipofika hapa aliona ametatua kila kitu. Akaandika, "Basi Ami, si rahisi tu kuwachelewesha wauzaji hata siku 100? Mzunguko utakuwa chini ya sifuri."

Kwa kalamu na karatasi yuko sawa kabisa. Na zipo biashara ambazo mzunguko wao uko chini ya sifuri kwa halali. Supamaketi inauza mkate na maziwa leo kwa pesa taslimu, na kumlipa muuzaji baada ya wiki kadhaa kama walivyokubaliana. Lakini mlango wa tatu haufanani na ile miwili ya kwanza. Ukipunguza ndoo zilizolala ghalani, hakuna aliyeumia. Ukimchelewesha anayekudai, siku hazikufutika popote. Siku zako za wadai ndizo siku zake za wadaiwa. Umezichukua kwako ukaziweka kwake, na sasa yeye ndiye anayetafuta pesa za kuendeshea kazi.

Tazama sasa Mumias. Kampuni ya sukari ya Mumias iliandikishwa mwaka 1971, ikaanza kutoa sukari mwaka 1973, na mwaka 2001 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kubwa kuliko viwanda vyote vya sukari nchini. Miwa yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wakulima wadogo waliozunguka kiwanda. Watu wa Kwale wanaokumbuka kiwanda cha zamani cha Ramisi hawahitaji kuelezwa sana jinsi mji unavyoishi kwa kiwanda cha sukari.

Tuipime biashara hiyo kwa milango yetu mitatu. Muwa uliokatwa haungoji. Ukikaa siku chache tu unapoteza utamu, kwa hiyo kiwanda lazima kiusage upesi. Sukari nayo ni bidhaa inayotafutwa kila siku. Maana yake, kwa upande wa kiwanda, siku za stoki na za wadaiwa si nyingi ikiwa mambo yanaenda sawa. Mzunguko wake kwa asili ni mfupi.

Sasa mgeukie mkulima. Muwa wake unakaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa. Hizo zote ni siku za stoki: pesa za kulima, mbegu, mbolea na palizi zimelala ardhini zaidi ya siku 500. Kisha anaupeleka kiwandani na kungoja malipo. Mzunguko mrefu kuliko wote katika biashara hii umebebwa na mtu mwenye mfuko mwembamba kuliko wote.

Kampuni ilipoanza kuishiwa pesa, kwa miezi mingi malipo ya miwa yaliyotakiwa kufika kwa wakulima hayakufika. Kwa hesabu zetu, siku za wadai za kiwanda zilikuwa zinapanda, na zilipandia mgongoni mwa mkulima. Yeye alifanya nini? Katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, upande wa Malava, vipo viwanda vya West Kenya na Butali, na miwa ikaanza kuelekea kwa anayelipa. Wengine wakang'oa miwa wakapanda mahindi. Kiwanda kikubwa kikabaki na mashine zisizo na miwa ya kutosha ya kusaga. Sukari ikipungua mauzo yanapungua, mauzo yakipungua pesa za kumlipa mkulima aliyebaki zinapungua, naye anaondoka. Hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Juni 2017 ilizidi shilingi bilioni 6. Septemba 2019 benki ya KCB, mmoja wa wadai wake, ikaweka meneja mpokezi kusimamia mali ya kampuni, na Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda.

Sisemi kwamba kuchelewesha malipo peke yake ndiko kulikoiangusha Mumias. Yalikuwepo mikopo mikubwa, sukari ya bei nafuu kutoka nje na lawama nyingi juu ya usimamizi. Lakini kucheleweshwa kwa mkulima ndiko kulikoondoa miwa, na kiwanda cha sukari bila miwa ni mabati tu. Sisi wa Mombasa tuliona jambo linalofanana nalo kwa Nakumatt. Rafu zilianza kuwa tupu kwa sababu wauzaji wasiolipwa waliacha kuleta mali, na Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama.

Utatambuaje basi kama mzunguko umefupika kwa heri au kwa shari? Turudi kwenye duka letu. Tuseme mambo yameharibika. Linatoa mali ya shilingi 40,000 tu kwa siku badala ya 80,000, kwani wauzaji hawaliamini tena. Linadaiwa shilingi 4,800,000. Ukigawa, siku za wadai ni 120. Ghala limebaki na stoki ya siku 10, na wateja wachache waliobaki wanalipa kwa siku 20. Mzunguko ni 10 + 20 − 120, sawa na 90 chini ya sifuri. Ukimpa mwanafunzi namba hiyo peke yake, atasema hili ni duka bora kuliko lile la mwanzo! Kumbe linakufa.

Kwa hiyo usiisome namba moja ya mwisho. Soma zile tatu kila moja mbali, na kando yake uandike mauzo. Siku za stoki zikishuka huku mauzo yakibaki pale pale au kupanda, hiyo ni afya. Zikishuka pamoja na mauzo, ghala limekauka. Siku za wadai zikipanda kwa sababu mmekubaliana, hiyo ni biashara. Zikipanda bila makubaliano, huo ni mkopo ambao hukuuomba na mwenzako hakuutoa. Ishara yake huonekana mapema: muuzaji aliyekuwa akikupa mali kauli anaanza kutaka nusu kwanza, kisha anataka taslimu. Siku anapotaka taslimu, siku zako za wadai kwake zimekuwa sifuri, na mzunguko uliojidai umeufupisha unarefuka wote kwa mkupuo, wakati huna pesa za kuubeba.

Jambo la mwisho ni la sisi wa Pwani hasa. Hesabu hii ikitumia stoki ya siku moja ya mwaka, inaweza kukudanganya. Muuza tende na unga wa ngano akihesabu ghala lake mwisho wa Shaabani atapata siku nyingi za kutisha, kwa sababu ameshajaza kwa ajili ya Ramadhani. Akihesabu siku ya pili baada ya Idi, atajiona hodari. Mwenye kuuzia hoteli naye ana msimu wake wa watalii. Andika stoki, wadaiwa na wadai kila mwisho wa mwezi, kisha tumia wastani wa miezi 12. Ni namba tatu tu kwa mwezi, na daftari la shule linazitosha.

Kijana nilimwambia jibu lake la 75 ni sahihi na alama zake atazipata. Kwenye sehemu ya njia za kufupisha, nilimshauri aandike ghala kwanza, invoisi pili, na wauzaji mwisho, na kwenye hiyo ya mwisho aongeze maneno mawili: kwa makubaliano. Kama mwalimu atamuuliza sababu, Mumias si mbali na chuo chao.